Mita Mbili Kutoka Wapi?

Mama yangu anauza matunda karibu na stendi ya daladala, kwenye mji ambao sitautaja. Ana meza moja na beseni mbili, na ana mwavuli uliochanika upande mmoja. Bumu langu likichelewa, na wote tunajua jinsi linavyochelewa, ninakula kutoka kwenye meza hiyo. Kwa hiyo siku aliponipigia simu na kuniambia, "Mwanangu, wamebeba maembe," nilijua pia kwamba wiki hiyo nitaishi kwa uji.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Mama alikuwa amefuata sheria. Angalau ile aliyoielewa. Sheria ndogo ya biashara za mitaani ya manispaa yetu ilibandikwa kwenye mbao ya matangazo ya ofisi ya kata, na yeye aliisoma mwenyewe, kwa miwani ya kusomea aliyonunua mnadani. Akarudi akatafuta hotipoti pana yenye kifuniko, akaweka vipande vyake vya tikiti na papai humo ndani. Maembe mazima na ndizi aliyaacha wazi juu ya meza. Mgambo walipofika hawakugusa hotipoti. Walichukua maembe na ndizi, ndoo moja na nusu, wakasema sheria inakataza matunda yasiyofunikwa.

Nilipoenda nyumbani likizo nilikwenda kuisoma sentensi yenyewe. Iliandikwa hivi: "Ni marufuku kwa mtu yeyote kuuza au kuonyesha kwa ajili ya kuuza matunda na mboga zilizokatwa pasipo kufunikwa." Isome tena taratibu. Nasomea ualimu wa Kiswahili, na nilisimama mbele ya ile mbao kama mtu aliyekuta swali la mtihani alilolikimbia. "Zilizokatwa" ni ya mboga. Matunda yangekuwa "yaliyokatwa". Kwa upatanisho wa kisarufi, kilichokatwa hapo ni mboga peke yake, na matunda yote, mazima kwa vipande, yamepigwa marufuku yasipofunikwa. Lakini hivi ndivyo tunavyozungumza kila siku: tukiwa na majina mawili ya ngeli tofauti, kivumishi hufuata lile la karibu, na msikilizaji anaelewa kwamba yote mawili yamehusishwa. Mama alisoma kama mzungumzaji. Mgambo walisoma kama mtahini. Wote wawili wanajua Kiswahili, na wote wawili walikuwa na haki ya kusoma walivyosoma. Hasara ikawa ya mwenye maembe.

Pembeni ya sheria hiyo lilikuwepo tangazo jingine. Halmashauri ilikuwa inaandaa sheria ndogo mpya badala ya ile, na wananchi walikaribishwa kuleta maoni ya maandishi kwa mtendaji wa kata kabla ya rasimu kwenda kwenye baraza la madiwani. Kwa wasiojua, safari ya sheria ndogo ni ndefu kidogo: halmashauri inaandaa, wananchi wanatoa maoni, baraza linapitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaidhinisha, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Mtu kama mimi ana mlango mmoja tu kwenye safari hiyo, nao ni ule wa maoni. Niliomba nakala ya rasimu, nikalipia fotokopi. Sentensi ya matunda ilikuwemo vilevile, neno kwa neno.

Sasa, mwaka wa pili tulisoma upimaji na tathmini. Wengi wetu tulilisoma lile somo kwa ajili ya kukwepa supu tu, ila kuna jambo moja lilinibaki. Mhadhiri alitupa insha moja ya mwanafunzi wa kidato cha pili, akatugawa wawili wawili, kila mtu asahihishe kivyake bila kuonana na mwenzake. Mimi nilitoa 14, mwenzangu akatoa 8. Tukaanza kubishana nani anajua zaidi. Mhadhiri akasema tuache kuangaliana, tuangalie mwongozo wa kusahihishia: kama watu wawili wenye akili timamu wanatoa alama tofauti kwa karatasi ileile, kuna neno kwenye mwongozo linalowagawa. Tulitafute. Tulilipata, lilikuwa ni "ipasavyo".

Nikajiuliza kama naweza kufanya hivyohivyo kwa mgambo na wauzaji.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kata, nikamwamkia, nikamweleza. Alinitazama kwa muda kisha akasema, "Binti, hawa watu hawakosi kuelewa. Ni wakaidi tu." Lakini aliniruhusu, na hata alinisaidia kuwapata mgambo watano siku ya mkutano wao. Upande wa wauzaji sikupata shida, Mama aliniitia sita. Niliandika kadi kumi. Kila kadi ilikuwa na kisa kifupi, kwa mfano: "Mtu ameweka meza ya viatu. Kutoka mwisho wa lami hadi mguu wa meza ni mita mbili na nusu." Chini yake maswali mawili tu: ameruhusiwa au hajaruhusiwa? Ni maneno gani ya sheria yamekufanya useme hivyo?

Sikumuuliza mtu yeyote kama ameelewa. Nani atakuambia hajaelewa, hasa mbele ya binti wa chuo? Mwanafunzi darasani naye hufanya hivyo, anatikisa kichwa "ndiyo mwalimu" halafu anakwenda kukosa. Unachotakiwa ni kumpa kazi ya kufanya na ile sentensi, kisha uangalie anafanya nini. Na swali la pili ndilo lenye faida kuliko la kwanza, kwa sababu ndilo linalokuonyesha neno lenyewe. Wawili walioshindwa kusoma niliwasomea kwa sauti, mara mbili, bila kuweka mkazo popote, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika.

Katika kadi kumi, pande zote mbili zilikubaliana kwenye nne. Kadi ya maembe mazima iligawanyika kama nilivyotarajia. Nyingine kadhaa zilikuwa ndogondogo, zikarekebishika kwa kubadili neno moja. Mbili ndizo zilizonikalisha usiku.

Ya kwanza ni hiyo ya meza ya viatu. Rasimu ilisema mfanyabiashara asiweke bidhaa "ndani ya umbali wa mita mbili kutoka barabarani". Wauzaji wote sita walisema mwenye kadi ameruhusiwa, yuko mita mbili na nusu. Mgambo wanne kati ya watano walisema hajaruhusiwa. Nilidhani hawajasoma vizuri, nikamuuliza mmoja, mtu mzima mpole ambaye huvaa kofia hata ndani. Akanijibu, "Barabara inaishia kwenye mtaro, siyo kwenye lami. Ukimwaga maji barabarani yanakwenda wapi? Mtaroni. Basi mtaro ni barabara."

Tukatoka naye nje na futi kamba ya fundi cherehani. Pale stendi, kutoka mwisho wa lami kuna bega la barabara la mita moja, halafu mtaro wa sentimita themanini. Meza ya mzee mmoja muuza viatu, jirani wa Mama, ilikuwa mita mbili na sentimita thelathini kutoka kwenye lami. Kwa hesabu ya muuzaji, yuko ndani ya sheria na zinabaki sentimita thelathini. Kwa hesabu ya mgambo, yuko nusu mita kutoka mtaroni, amekosea kwa mita moja na nusu. Ni futi kamba ileile na meza ileile. Rasimu ilitaja namba, na namba ikawadanganya waandishi wake kwamba wamekuwa wazi, kumbe hawakusema kipimo kinaanzia wapi wala kinaishia wapi. Maana hata upande wa pili palikuwa na mjadala: unapima hadi mguu wa meza, au hadi ukingo wa mwavuli?

Kadi ya pili ilihusu adhabu. Rasimu ilisema atakayevunja sheria atatozwa "faini isiyozidi shilingi 200,000", na mbele kidogo ikasema, "Mkurugenzi anaweza kufifilisha kosa" iwapo mkosaji atakiri kwa maandishi. Kisa changu kilikuwa hiki: mama anauza vitumbua mahali pasiporuhusiwa, mgambo anamkuta. Analipa kiasi gani, kwa nani?

Wauzaji watano walisema laki mbili. Mgambo wanne nao walisema laki mbili. Hapa walikubaliana vizuri kabisa, ila kwa kosa. "Isiyozidi" inaweka dari. Chini ya dari hiyo kiasi chochote kinawezekana, na mwenye vitumbua vya elfu kumi hana sababu ya kulipa sawa na mwenye kontena. Lakini machoni mwa wote neno "isiyozidi" lilikuwa linapita kama halipo, namba peke yake ndiyo iliyobaki. Hii ilinifundisha kitu ambacho kile kipindi cha insha hakikunifundisha: watu wawili wakikubaliana, bado unatakiwa kuangalia wamekubaliana juu ya nini.

Halafu "kufifilisha". Muuza mitumba mmoja alisoma sentensi ile akashika kichwa. "Yaani Mkurugenzi anaweza kunifilisi?" Hakuwa peke yake. Watatu kati ya sita waliona humo neno kufilisi. Kumbe kifungu kile kimewekwa kwa ajili ya kumpunguzia mkosaji mzigo: badala ya kupelekwa mahakamani, unakiri kosa kwa maandishi, unalipa kiasi ulichopangiwa, unapewa stakabadhi, mambo yanaishia hapo. Mlango wa kutokea umeandikwa kwa neno ambalo watu wanalisoma kama shimo. Na upande wa mgambo, wawili walilielewa kwamba wao wenyewe wanaweza kupokea hela papo hapo na kumaliza kesi. Sisemi walikuwa wanafanya hivyo. Nasema ndivyo walivyosoma, na mmoja alishangaa kweli nilipomwonyesha kwamba mtendaji wa kitenzi ni Mkurugenzi.

Nikaanza kuandika upya. Nilikuwa na mgambo yule wa kofia, Mama, na mzee wa viatu, tunakaa jioni nyuma ya meza ya Mama. Sheria yangu ilikuwa moja tu: sentensi ikiandikwa, inarudi kwenye kadi, wanapewa watu ambao hawakuwepo tulipoiandika.

Ya matunda tuliikata mara mbili. "Matunda mazima na mboga nzima zinaweza kuuzwa bila kufunikwa. Tunda lililokatwa au mboga iliyokatwa lazima ifunikwe kwa kifuniko kisafi." Nikaona nimemaliza. Kadi zikarudi zimegawanyika tena: tikiti lililofunikwa kwa khanga safi, je? Wauzaji wakasema sawa, mgambo wakasema khanga siyo kifuniko. Tukabadilisha, tukaandika nailoni. Mgambo mmoja akasema mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, mtu ataisoma sheria hii kama inamruhusu kuirudisha. Alikuwa na hoja. Mwishowe Mama, ambaye alikuwa anamenya nanasi wakati sisi tunabishana, akauliza, "Kwani mnaogopa nini hasa, si nzi?" Tukaandika: "kwa chombo chenye kifuniko, au kwa wavu, ili nzi asiweze kukigusa chakula." Raundi ile watu wote tisa waliosoma walijibu sawa, hata kwenye kadi ya khanga. Walijibu sawa kwa sababu kila mmoja angeweza kwenda mezani na kuangalia kama nzi anapita.

Ya adhabu tuliigawa hatua kwa hatua, na kila hatua tukaitaja kwa mtu anayeifanya. Mgambo anaandika kosa. Mgambo hapokei fedha. Mkosaji anaweza kukubali kosa kwa maandishi mbele ya ofisa aliyeteuliwa na Mkurugenzi. Ofisa anapanga kiasi, "kuanzia kiasi kidogo hadi shilingi 200,000 na si zaidi". Akilipa anapewa stakabadhi na hapelekwi mahakamani. Neno kufifilisha tuliliacha kwenye kichwa cha kifungu, kwa kuwa mwanasheria angelitaka, ila maana yake ikaandikwa chini yake mara moja. Kiswahili kina tabia moja ambayo sikuwahi kuiona kama hatari: kauli ya kutendwa. "Bidhaa zitachukuliwa", "faini itatozwa". Na nani? Rasimu nzima ilikuwa imejaa vitendo visivyo na mtu.

Ya mita ndiyo iliyoleta matatizo, na siyo kwa sababu ilishindikana. Ilifanikiwa. Tuliandika: "mita mbili, zikipimwa kutoka ukingo wa mtaro ulio mbali na lami, hadi mguu wa meza ulio karibu zaidi na barabara; pasipo na mtaro, zipimwe kutoka mwisho wa lami." Kadi zote zikajibiwa sawa, pande zote mbili. Nilifurahi kama nimepata A.

Mzee wa viatu hakufurahi. Alikaa kimya, akachukua ile futi kamba, akapima mwenyewe. Nusu mita. "Mwalimu," akaniambia, ananiita hivyo kwa utani tangu nianze chuo, "jana nilikuwa na mabishano. Leo nina kosa." Na ni kweli. Miaka yote ile mgambo akija, mzee alikuwa anasema yuko mita mbili kutoka kwenye lami, mgambo anasema mtaro, wanabishana, wanacheka, siku nyingine anahamishwa na siku nyingine anaachwa. Sentensi mbovu ilimpa nafasi ya kusema neno. Nyuma ya meza yake kuna ukuta wa duka, hawezi kurudi nyuma. Mimi ndiye niliyeifunga nafasi hiyo, kwa Kiswahili safi.

Usiku ule nilifikiria kuiacha ile sentensi ilivyokuwa. Kuna mama lishe mmoja alinishauri hivyo waziwazi. Alisema sheria ikieleweka sana hakuna maelewano. Lakini nilikumbuka pia nani huwa anashinda kwenye maelewano. Mzee ana mdomo na ana mvi, watu wanamwonea haya. Mama yangu alinyamaza tu wakati wanabeba maembe. Nikaamua uwazi ubaki, ila kipimo chenyewe kijadiliwe waziwazi. Kwenye barua ya maoni tuliandika sentensi mpya, na chini yake tukaandika kwamba pale stendi, kwa kipimo hiki, meza kadhaa zitakuwa na makosa na hazina pa kurudi. Kwa hiyo ama umbali upungue hadi nusu mita mahali ambapo mtaro umefunikwa, ama halmashauri iseme meza hizo ziende wapi. Tukaambatanisha kadi zote na majibu yake, bila majina.

Mwanasheria wa halmashauri alituita. Nilitegemea mtu mkali, nikakuta dada mchangamfu aliyechoka. Sentensi za nzi na za adhabu alizipenda, akabadilisha maneno mawili. Kwenye mita alitikisa kichwa. Alitueleza kwamba eneo la pembeni ya barabara ni hifadhi ya barabara, liko chini ya mamlaka ya barabara kwa sheria ya Bunge, na barabara ile iko TARURA. Sheria ndogo haiwezi kugawa kisichokuwa cha halmashauri, na ikipingana na sheria ya Bunge haina nguvu. "Hata muandike vizuri namna gani," alisema, "hapa tatizo siyo lugha." Kwa hiyo suala la nusu mita lilitolewa, likaandikiwa barua nyingine kwenda huko. Maneno ya namna ya kupima yakabaki.

Baraza limepitisha rasimu ikiwa na sentensi zetu za matunda na adhabu, na sasa inasubiri idhini ya Waziri. Hadi itakapochapishwa kwenye Gazeti ile ya zamani ndiyo inayotumika, na kisheria Mama bado anatakiwa kufunika maembe mazima. Amenunua wavu, anafunika kila kitu hadi ndizi. Yule mgambo wa kofia akipita anamwambia, "Mama, ndizi ziache zipumue," naye anamjibu, "Afande, subiri Gazeti."

Mzee wa viatu amekata miguu ya meza yake na kuitengeneza upya, nyembamba, imebana ukutani. Wiki iliyopita tulipima tena. Mita moja na sentimita kumi.